Degedege kwenye homa kali: kisa cha mtoto wa mwaka 1 na miezi 4, kijiko mdomoni, na swali la kifafa

Hiki ni kisa cha kweli cha mtoto mmoja aliyeletwa usiku kwenye kituo cha afya ninachofanyia kazi kama muuguzi, upande wa Temeke. Majina, mtaa na tarehe nimeviondoa, na vitu vidogo vidogo vya familia nimevibadilisha ili wasijulikane. Nimekiandika kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu ninachokiona watu wakifanya mtoto akishikwa na degedege nyumbani, vya kusaidia na vya kuumiza, na kwa sababu mama yake aliuliza swali ambalo wazazi wengi wanaondoka nalo moyoni bila kuuliza: huyu sasa ana kifafa?

Mtoto na nyumba yao

Mtoto ni wa kiume, alikuwa na mwaka 1 na miezi 4, kilo 10, mtoto wa pili. Alizaliwa kawaida akalia palepale, alikaa na kutembea kwa wakati wake, maneno machache alishaanza kusema. Chanjo zote za umri wake alikuwa nazo kwenye kadi. Hajawahi kupata degedege kabla ya hapo. Kwa upande wa mama hakuna kifafa kwenye ukoo, ila baba mtu naye aliwahi kupata degedege akiwa mdogo mara moja au mbili, akiwa na homa, halafu zikaisha zenyewe, na hilo tulilijua baadaye kabisa bibi alipoanza kukumbuka.

Wanaishi nyumba ya kupanga, vyumba sita na uwani mmoja, mama anauza chakula mchana na baba ni dereva wa malori ya mikoani, siku ile alikuwa safarini. Bibi mzaa baba alikuwa amekuja kukaa nao.

Mafua yalianza asubuhi. Mchana mtoto akawa mzito, hataki kula, anang'ang'ania mgongoni. Jioni mwili ukawa wa moto, mama akampa parasetamoli ya maji kijiko nusu cha chai, akamvika sweta na soksi, akamfunika na kitenge maana bibi alisema ana baridi, na kweli mikono na miguu ilikuwa ya baridi wakati kifua kinaungua.

Usiku ule, hatua kwa hatua

Saa mbili na dakika kumi hivi mtoto alikuwa kitandani. Mama anasema aliona macho yamepanda juu, weusi hauonekani, kisha mwili mzima ukakakamaa kama ubao, taya zikabana, halafu mikono na miguu ikaanza kurusharusha. Midomo ikawa ya rangi ya bluu, mate yenye povu yakatoka. Mama alipiga kelele, akambeba, akamtikisa huku anamwita jina, na kwa mkono mwingine akampigia simu mume wake.

Uwani wakajaa watu. Na hapa kila mtu alikuja na kitu chake. Dada mmoja wa chumba cha pili alileta kijiko cha chuma, akakifunga kitambaa kwenye mpini akakilazimisha katikati ya meno "asije akameza ulimi". Mwingine alikuwa anakokota ndoo ya maji ya bombani ili atumbukizwe humo homa ishuke. Bibi akasema hilo ni degedege, dege limempitia mtoto, atafutwe wa kumfukiza, na neno alilolirudia sana lilikuwa "asichomwe sindano, akichomwa sindano anakufa". Kijana mmoja wa sekondari alitoa simu akaanza kurekodi, wakamfokea lakini hakuacha.

Aliyebadilisha mambo ni dereva wa bajaji anayeegesha hapo nje. Mtoto wa dada yake aliwahi kupata hali hiyohiyo na alielekezwa hospitali cha kufanya. Aliwaambia watu wasogee, akatandika mkeka sakafuni, akamwomba mama amlaze mtoto chini kwa ubavu, uso umeelekea pembeni kidogo kuelekea chini ili mate yatoke. Akakitoa kile kijiko. Akafungua vifungo vya sweta shingoni. Wala hakumkandamiza mikono, aliweka tu kanga iliyokunjwa chini ya kichwa kisigonge sakafu. Ya maji akayakataa kabisa, alisema "ataingiza maji kwenye pumzi huyu, acheni kwanza aishe".

Kurusharusha kukapungua, kukawa kwa vipindi, kukaisha. Mtoto akavuta pumzi moja ndefu yenye mkoromo, rangi ya midomo ikaanza kurudi, akalegea akawa kama amelala fofofo. Hapo ndo kelele zikaongezeka maana watu walidhani amekufa. Dereva akamwambia mama aweke mkono tumboni aone anavyopumua.

Ubishi uliofuata ulikuwa kati ya bibi na mama mtoto. Bibi alitaka mtoto apelekwe kwanza kwa mzee mmoja mtaa wa pili afukizwe, hospitali kesho. Mama akamjibu kwa heshima lakini kwa msimamo, "Mama naomba unisamehe, mimi naenda naye sasa hivi, na wewe twende wote." Wakapanda bajaji, mtoto amelazwa kwa ubavu mapajani kwa mama, hawakumpa kitu chochote mdomoni njiani. Wakafika kwetu baada ya robo saa hivi.

Tuliyoyafanya kituoni na sababu zake

Walipofika mtoto alikuwa ameshaanza kuamka, analia, anamtafuta mama yake kwa macho, na hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiangalia kabla hata ya kipimajoto. Degedege la homa la kawaida likiisha mtoto anasinzia kidogo halafu anarudi taratibu kuwa yeye, mara nyingi ndani ya nusu saa au saa moja. Asiporudi, yaani amebaki mlegevu, haangalii, hanyonyi, hamjui mama yake, basi mawazo yetu yanahama haraka kwenda kwenye malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo au sukari iliyoshuka.

Joto lilikuwa 39.6 kwapani. Tulipima sukari kwa tone la damu ikawa nzuri, na tulipima malaria kwa kipimo cha haraka kikatoka hasi. Hivi viwili huwa havisubiri, maana mtoto wa hapa kwetu mwenye homa na degedege hawezi kuitwa "degedege la homa tu" kabla malaria haijaangaliwa, na sukari ikishuka inaweza kuleta mtukutiko wenyewe na ikaharibu ubongo kimyakimya huku watu mnahangaika na homa.

Daktari akaangalia shingo kama imekaza, akapapasa utosi ambao ulikuwa haujafunga kabisa, haukuwa umevimba. Akaangalia ngozi kama kuna vipele vya damu, masikio, koo, akasikiliza kifua. Koo lilikuwa jekundu na mafua yanatiririka, mengine safi. Akauliza swali ambalo mama alilishangaa: "amepewa antibayotiki yoyote duka la dawa wiki hii?" Analiuliza kwa sababu dozi chache za antibayotiki zinaweza kuficha dalili za homa ya uti wa mgongo, na kwa mtoto wa umri huu shingo yenyewe si ya kuaminika sana, anaweza kuwa na ugonjwa na shingo isikaze. Mama alisema ni parasetamoli tu.

Dawa ya kuzuia mtukutiko hatukumpa, kwa sababu mtukutiko ulishaisha. Angefika bado anatukutika, au ungezidi dakika 5, tungempa dayazepamu kupitia njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kila kilo, huku tukiangalia pumzi maana dawa ile inaweza kupunguza upumuaji. Tulimvua sweta, akaamka vizuri, akanyonya, ndipo akapewa parasetamoli kwa uzito wake.

Halafu tukamlaza kwa uangalizi hadi asubuhi. Sababu zilikuwa tatu: ni mara yake ya kwanza, ana chini ya mwaka na nusu kwa hiyo dalili za uti wa mgongo zinaweza kuchelewa kujionyesha, na nyumbani kulikuwa na mvutano ambao usiku ule ungeweza kumpeleka mtoto kwenye moshi badala ya usingizi.

Bibi na sindano

Nilikaa na bibi kwenye benchi, nikamsalimia, nikamuuliza kwa nini anaogopa sindano. Akasema mwanawe wa kwanza, miaka mingi nyuma kijijini, alipata degedege, wakahangaika naye kwa dawa za kienyeji siku tatu, siku ya nne wakampeleka zahanati, akachomwa sindano, akafa jioni ile.

Kisa cha bibi si cha peke yake, nimeshakisikia kwa watu wengi wenye umri wake. Na ukikifuatilia unaona hofu ilivyozaliwa: mtoto mwenye malaria kali ya ubongo anatukutika, anakaa nyumbani siku kadhaa, anafikishwa akiwa taabani, anapewa sindano ambayo ndiyo kitu cha mwisho alichofanyiwa akiwa hai, na sindano inabeba lawama ya siku tatu zilizopotea. Sikumbishia bibi. Nilimuuliza tu, "bibi, angechomwa siku ile ya kwanza?" Akasema hajui. Nikamwambia mimi pia siwezi kujua kwa yule, ila huyu mjukuu amefika ndani ya saa moja, na ndo maana tunaongea naye akiwa ananyonya.

Asubuhi na baada ya hapo

Usiku homa ilipanda na kushuka, mtukutiko haukurudi. Asubuhi mtoto alikuwa anacheza na kifuniko cha chupa. Kipimo cha malaria kilirudiwa kikawa hasi tena, mkojo ulikuwa safi. Daktari akaandika degedege la homa la aina ya kawaida, chanzo maambukizi ya virusi ya njia ya hewa. Hakuna dawa ya kifafa aliyopewa, hakupelekwa kipimo cha umeme wa ubongo wala sitiskani, kwa sababu kwa degedege ya aina hii kwa mtoto aliyeamka vizuri na asiye na dalili nyingine vipimo hivyo havibadilishi chochote kwenye matibabu na havitabiri kama itarudia.

Kitu kimoja kilibaki na alama. Jino moja la mbele la juu lilikuwa linalegea na mdomo wa ndani ulichanika, kazi ya kile kijiko.

Miezi kama sita baadaye walirudi, degedege la pili. Safari hii mama alimlaza ubavu mwenyewe, akaangalia saa, lilichukua chini ya dakika 2, na bibi ndiye aliyeita bajaji. Ila kipimo cha malaria kilitoka chanya. Mtoto mwenye malaria aliyetukutika anahesabiwa ana dalili ya hatari hata kama ameshaamka, kwa hiyo alianzishiwa artesuneti ya sindano: ya kwanza palepale, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24, kisha akamaliza na vidonge vya mseto siku 3. Bibi alikaa pembeni ya kitanda sindano zote tatu. Mtoto akapona.

Uchambuzi: zile dakika za uwani

Kwenye ule uwani wote kitu kilichomsaidia mtoto ni kulazwa ubavu sakafuni na kuachwa. Ukifikiria inaonekana kama kutofanya kitu, ndo maana watu wanaona vigumu, lakini mtu anayetukutika hamezi mate yake, na akilala chali mate na matapishi yanarudi kwenye koo na kuingia kwenye pumzi. Ubavu unatatua hilo. Mengine yote yaliyofanywa yalikuwa ya kupambana na mtukutiko, na mtukutiko hauzuiwi kwa mikono. Kumkandamiza kunaweza kumtegua au kumvunja, kumtikisa hakumwamshi.

Ulimi haumezwi. Umeshikamana na sakafu ya mdomo, hauwezi kwenda popote. Anaweza kuung'ata, ndiyo, na kidonda cha ulimi kinapona chenyewe, lakini jino la maziwa likivunjwa na chuma likaanguka kwenye njia ya hewa, hapo umemtengenezea mtoto dharura ya pili kubwa kuliko ya kwanza. Vilevile kidole chako. Kwa mtoto huyu tulikuwa na bahati jino lililegea tu, na baada ya wiki kadhaa likakaza.

Ndoo ya maji baridi ingekuwa hatari kwa namna mbili, mtoto asiyejitambua akiingizwa majini anaweza kuyavuta kifuani, na baridi ya ghafla inafanya mishipa ya ngozi ibane na mwili utetemeke, joto la ndani libaki palepale au lipande. Moshi wa kufukiza unaingia kwenye mapafu ya mtoto ambaye pumzi yake ndo kwanza inarudi. Na dawa ya kunywa, hata kama ni parasetamoli halali kabisa, mtoto hapewi mpaka awe ameamka na anameza vizuri. Mama alifanya vizuri sana kutompa kitu njiani.

Ile video ya yule kijana

Nilipomuuliza mama lilichukua muda gani alisema nusu saa. Dada wa kijiko akasema dakika kumi na tano zinafika. Sasa muda ni jambo zito kwetu. Likizidi dakika 5 ni dharura ya kukimbia nayo bila kusubiri liishe, maana degedege lililopita hapo linazidi kuwa gumu kukata lenyewe. Likizidi dakika 15, au likirudia ndani ya saa 24, au likishika upande mmoja wa mwili, linaitwa la aina tata na uchunguzi wake unakuwa mkubwa zaidi. Kwa maneno ya mama pekee mtoto huyu angeandikwa aina tata.

Tukafungua simu ya mama, aliyompigia mume wake mara tu lilipoanza: 20:11. Kijana akaletwa asubuhi na simu yake, video imeanza 20:12 na mtoto analegea kwenye 20:15. Kwa hiyo ni kama dakika 4. Na video ilionyesha kitu ambacho hakuna aliyekumbuka kukiangalia, kwamba mikono yote miwili na miguu yote miwili ilikuwa inaruka sawasawa, hakuna upande uliotangulia. Waliomfokea yule kijana siwalaumu, anayerekodi mtoto akiwa kwenye hali ile anaonekana hana utu. Lakini kama kuna mtu wa pili na mtoto ameshalazwa ubavu, kurekodi nusu dakika na kuangalia saa kunampa daktari jibu ambalo hakuna kipimo kinaweza kulirudisha nyuma. Tulimwomba tu akishaonyesha aifute, isiende statasi.

Dakika 4 za mtoto wako zinahisiwa kama nusu saa, kila mzazi ananiambia hivyo. Ndo maana saa iangaliwe mapema, hata kwa kupiga simu tu kama alivyofanya huyu mama bila kujua.

Parasetamoli

Mama alijilaumu sana kwamba hakutoa dawa ya kutosha. Ni kweli kijiko nusu cha chai, yaani mililita 2.5 za dawa ya miligramu 120 kwa mililita 5, ni kama miligramu 60, na mtoto wa kilo 10 alitakiwa miligramu 150 hivi, sawa na mililita 6 na kidogo, kila baada ya saa 6 akihitaji. Sindano ya plastiki isiyo na ncha inapima vizuri kuliko kijiko cha jikoni. Lakini nilimwambia ukweli huu pia: hata angetoa dozi kamili degedege lingeweza kutokea. Imechunguzwa mara nyingi, dawa za kushusha homa zinampunguzia mtoto maumivu na kumfanya anywe na kulala, ila hazizuii degedege la homa lisirudie kwenye ugonjwa mwingine. Mara nyingi mtukutiko unakuja homa ikiwa ndo inaanza kupanda, wakati mwingine ndo dalili ya kwanza kabisa kabla mzazi hajajua kuna homa. Kwa hiyo mama asiamke kila saa usiku kumnywesha parasetamoli kwa hofu, dozi ikizidi inaharibu ini. Sweta na soksi avuliwe, avae nguo nyepesi, anyonyeshwe sana, basi.

Je, ni kifafa?

Mama aliuliza hili asubuhi, kwa sauti ndogo, baada ya jirani mmoja kumtumia ujumbe kwamba watoto wake wasichangie kikombe na yule mtoto kwa sababu ya povu. Nianzie hapo: hata kingekuwa kifafa, povu ni mate yaliyochanganyika na hewa, haliambukizi kitu. Kifafa hakiambukizwi kwa kikombe wala kwa kumgusa mtu akiwa anatukutika, na watu wameachwa waungue motoni au wazame kwa sababu ya imani hiyo.

Sasa jibu lenyewe. Kifafa ni tabia ya ubongo kutoa mitukutiko yenyewe bila kuchokozwa, na kwa kawaida daktari anaanza kukitaja mtu akipata isiyo na kichokozi angalau mara mbili, zimepishana zaidi ya saa 24. Degedege la homa lina kichokozi kinachoonekana, ni homa, kwenye ubongo ambao bado unakua, kati ya miezi 6 na miaka 5. Kati ya watoto 100, wawili mpaka watano wanalipata angalau mara moja, na wengi mno hawana kifafa na hawatakuwa nacho. Ukubwani kwenye masomo na akili zao huwezi kuwatofautisha na wenzao.

Nilimpa namba kama zilivyo. Mtoto ambaye hajawahi kupata degedege la homa ana uwezekano wa kama 1 kati ya 100 wa kuja kupata kifafa. Aliyepata la aina ya kawaida kama mwanawe, ni kama 2 kati ya 100. Unapanda kidogo, na cha kushikilia ni tisini na nane waliobaki. Uwezekano unakuwa mkubwa zaidi kwa yule ambaye degedege lake ni la aina tata, au aliyekuwa amechelewa kukua kabla, au mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye kifafa. Mtoto huyu hana hata kimoja.

Kurudia ndo jambo jingine kabisa na hapa wazazi wanachanganya. Karibu mtoto 1 kati ya 3 anapata degedege la homa tena, na kwa huyu tulitegemea zaidi kwa sababu lilianza kabla ya miezi 18 na baba yake alikuwa nayo. Kwa hiyo liliporudi miezi sita baadaye halikumgeuza kuwa mgonjwa wa kifafa, maana nalo lilikuja na homa ya 39 na malaria kwenye damu. Kitakachotufanya tubadilishe mawazo ni atukutike akiwa hana homa, hata mara moja, hata kwa nusu dakika. Au awe anapotea kwa sekunde chache macho yamekazwa mahali pamoja, au ashtuke mikono ghafla asubuhi akiamka, au baada ya mtukutiko mkono au mguu mmoja ubaki umelegea, au alianza kuongea halafu anarudi nyuma. Hapo aletwe tumpeleke kliniki ya watoto, na kipimo cha umeme wa ubongo kinakuwa na maana.

Wazazi wengine wanaomba dawa ya kila siku "ya kinga". Zipo dawa zinazopunguza kurudia, lakini zinamfanya mtoto asinzie, avurugike tabia au ziguse ini, na hazipunguzi uwezekano wa kifafa baadaye, kwa hiyo kwa degedege la kawaida hasara inazidi faida na hatuziandiki.

Chanjo ya miezi 18

Kati ya degedege la kwanza na la pili mtoto alifikisha miezi 18, muda wa dozi ya pili ya surua na rubela. Mama alitaka kuiruka kwa sababu aliambiwa chanjo inaleta homa na homa inaleta degedege. Wasiwasi wake una msingi, chanjo ya surua inaweza kuleta homa siku ya 7 hadi ya 12 baada ya kuchomwa, na watoto wachache wanapata degedege kipindi hicho. Ila surua yenyewe inaleta homa kali zaidi, inaleta nimonia na uvimbe wa ubongo, na degedege lake si la aina ya kawaida. Tulikubaliana achanjwe, nikamwandikia kwenye kadi tarehe ambazo homa ikija asishangae, awe na parasetamoli ya kipimo sahihi, mkeka na namba ya yule dereva wa bajaji. Alipata homa kidogo siku ya nane, mtukutiko haukuja, na dozi ikaandikwa kwenye kadi kama za wenzake.